Daftari la Karani: Andika Kazi Yako Kabla Msimu Haujasahaulika

Katika uwanda wa Makonde mwaka wa kazi hauanzi Januari. Huanza pale korosho zinapodondoka, magunia yanapofika katika ghala la chama cha msingi, na mizani inapotolewa vumbi. Kuanzia Oktoba hadi minada inapokwisha, vyama vya msingi vya ushirika vya Newala na Masasi, ambavyo wengi huviita AMCOS, huhitaji makarani, watunza ghala na wapakiaji. Vijana wetu wengi wa kiume na wa kike hupata hapo kazi yao ya kwanza yenye maandishi. Msimu ukifungwa, mkataba nao hufungwa. Miezi michache baadaye linatoka tangazo la kazi ya kudumu ya mtunza ghala, karani wa masjala au msaidizi wa hesabu, na kijana hukaa mbele ya karatasi akiandika: “Nimewahi kufanya kazi AMCOS.” Baada ya hapo kalamu husimama.

Si kwamba hakufanya kitu. Aliyoyafanya yamebaki katika leja za watu wengine, na yeye hana hata ukurasa mmoja. Juma hili tuzungumzie ukurasa huo: daftari la mtu binafsi ambamo mfanyakazi huandika, kazi ikiendelea, alichokifanya, hesabu yake, na nani alikiona. Tutamtumia karani wa mizani kuwa mfano, kwa sababu kazi yake inajulikana katika karibu kila nyumba ya huku, na kwa sababu hesabu zake humpotosha upesi asiyezijua.

Tukumbushane kwanza njia ya korosho. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara zilipoanza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka mzigo wake katika chama cha msingi, unapimwa, na uzito wake unaandikwa. Chama hukusanya na kupeleka katika ghala kuu, ambako mzigo hupimwa tena na stakabadhi kutolewa. Baada ya hapo huja mnada chini ya chama kikuu, yaani TANECU kwa Newala na Tandahimba, na MAMCU kwa Masasi, Nanyumbu na Mtwara. Fedha za mkulima huingia katika akaunti yake ya benki. Katika safari yote hiyo karani wa chama cha msingi hugusa mambo mawili yanayoweza kumwonea au kumtendea haki mkulima. La kwanza ni uzito unaoandikwa. La pili ni namba ya akaunti inayoandikwa pembeni ya jina lake.

Sasa tumchukulie dada mmoja wa kubuni aliyefanya kazi hiyo misimu miwili mfululizo katika chama kimoja cha Newala. Tarakimu zake tumezitunga, lakini ni za aina ambayo karani yeyote anaweza kuzitoa katika leja ya chama chake. Msimu wa kwanza chama kilipokea kilo 412,500 kutoka kwa wakulima 940. Msimu wa pili kilipokea kilo 365,000 kutoka kwa wakulima 900. Akiulizwa mafanikio yake, jambo la kwanza linalomjia kinywani ni tani: “Tulikusanya zaidi ya tani 400.” Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini haimsemi yeye. Inasema mvua ilinyesha vipi, salfa ilifika lini, ubwiri unga uliwahiwa au haukuwahiwa. Msimu wa 2017/2018 nchi yetu ilipata zaidi ya tani 300,000 za korosho, na msimu uliofuata zikashuka sana, wala hakuna karani aliyesababisha kupanda wala kushuka huko. Dada yetu akiandika tani peke yake, msomaji wa maombi yake ataona kazi imepungua kutoka msimu wa kwanza hadi wa pili.

Atazame basi kile ambacho mkono wake uligusa. Msimu wa kwanza, mzigo wa chama ulipopimwa tena katika ghala kuu, zilipungua kilo 3,300. Katika kilo 412,500, upungufu huo ni asilimia 0.8. Kabla ya msimu wa pili yeye na mtunza ghala walianza desturi mbili. Kila asubuhi, kabla ya kupokea gunia la kwanza, waliweka jiwe la kilo 20 juu ya mizani na kuandika mizani ilichosoma. Na kila uzito ulioandikwa na karani ulirudiwa na mtunza ghala katika kitabu chake, vitabu hivyo viwili vikalinganishwa jioni. Msimu huo zilipungua kilo 1,095 katika kilo 365,000, yaani asilimia 0.3. Upande wa malipo, msimu wa kwanza malipo 47 katika 940 yalirudishwa na benki kwa sababu ya jina au namba ya akaunti iliyokosewa, ambayo ni asilimia 5. Msimu wa pili alimsomea kila mkulima namba yake kwa sauti, tarakimu moja moja, kabla hajaondoka mezani. Yakarudi 9 katika 900, asilimia 1.

Msimu ule ule ulioonekana mdogo kwa tani umekuwa msimu bora kwa kazi. Hilo ndilo la kwanza la kujifunza: pamoja na kila hesabu andika hesabu nyingine ya kuilinganisha nayo. “Tisa” peke yake haina maana. “Tisa katika mia tisa, kutoka arobaini na saba katika mia tisa na arobaini” ina maana. Na hesabu ya kulinganisha ndiyo inayopotea mapema, kwa sababu hakuna anayejali kuhifadhi hali mbaya ya zamani. Ukianza kazi mahali popote, juma la kwanza andika umekuta nini: mrundikano wa majalada, muda ambao mteja husubiri, makosa yanayojirudia. Bila ukurasa huo hutaweza kuonyesha umebadilisha nini.

Lakini daftari la haki huandika pia yale yasiyompa sifa mwenyewe. Korosho hunyauka. Kadiri mzigo unavyokaa ghalani ndivyo unavyopoteza unyevu, na uzito hupungua bila mwizi wala uzembe. Dada yetu anapaswa kuandika kwamba msimu wa kwanza mzigo ulikaa katika ghala la chama wastani wa siku 9 kabla ya kusafirishwa, na msimu wa pili siku 6, kwa kuwa magari yalifika mapema. Kwa hiyo sehemu ya nafuu ile imetokana na magari, si mizani. Aandike vilevile kwamba kitabu cha pili lilikuwa wazo la mtunza ghala, na kuwasomea wakulima namba lilikuwa wazo lake mwenyewe. Maneno haya mawili humlinda siku ya usaili. Mjumbe anayeijua korosho atauliza mara moja kuhusu unyaufu, na asiye na jibu huonekana amejitwalia jambo asilolielewa. Mwenye daftari husema, “Sehemu imetokana na siku chache za ghalani, tofauti za vitabu viwili tulizozikuta na kuzisahihisha jioni zilikuwa hizi,” na mazungumzo yanaendelea kwa heshima.

Sasa tuje kwenye sifa. Huku kwetu sifa nyingi hutolewa kwa mdomo na hupotea kwa mdomo. Mwenyekiti husimama katika mkutano mkuu na kusema kwamba mwaka huu malalamiko ya malipo yamepungua, anawashukuru makarani. Watu hupiga makofi. Uchaguzi ukifika mwenyekiti hubadilika, meneja huhamia chama kingine, simu iliyokuwa na ujumbe wa pongezi hutumbukia katika tangi la maji, na hakuna mtu wa kumuuliza. Sifa inayofaa kuandikwa ina mambo matano: nani kasema na ana cheo gani, tarehe, alisema wapi, maneno yake kama alivyoyasema, na kazi gani iliyosababisha. Usiyapambe maneno. Kama alisema “malalamiko yamepungua”, usiandike “alinisifu kwa uhodari usio kifani”.

Kisha tafuta ushahidi usiokutegemea wewe. Kama sifa ilitolewa mkutanoni, muulize katibu kwa adabu kama imeingia katika muhtasari, na uandike tarehe ya mkutano na namba ya kipengele. Kama wakaguzi wa COASCO wamepita na taarifa yao kusomwa kwa wanachama, andika walichosema kuhusu kumbukumbu za mizani, kizuri na kibaya, na kama walitoa hoja, andika ilijibiwaje na lini. Hoja ya ukaguzi iliyofungwa vizuri ina nguvu kuliko pongezi kumi. Na ikiwa kiongozi anakufahamu kweli, mwombe barua fupi kabla msimu haujafungwa, akiwa bado ofisini na bado anakumbuka. Mrahisishie kazi kwa kumpa karatasi yenye tarehe ulizofanya kazi na zile hesabu mbili, aziangalie katika leja mwenyewe, kisha aandike kwa maneno yake.

Hapa pana mpaka unaowaponyoka wengi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwaambia waombaji kwamba barua za ushuhuda wa tabia na kazi, pamoja na hati za matokeo za muda, hazikubaliwi mahali pa vyeti. Kwa hiyo barua ya mwenyekiti haitaziba pengo la cheti, na asikudanganye mtu kwamba itaziba. Matangazo hayo hayo hudai maelezo binafsi yanayojitosheleza, pamoja na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika na anwani na simu zinazotumika. Daftari lako lina kazi katika sehemu hizo. Linakupa maneno ya kujaza maelezo binafsi, na linakukumbusha nani aliyeiona kazi ipi, ili kila mdhamini awe mtu anayeweza kueleza jambo moja mahususi. Kabla ya kutuma maombi mpigie kila mmoja simu, hakikisha namba yake bado ni ile ile, na mkumbushe jambo lenyewe: “Mzee, shikamoo. Nimeomba kazi ya utunzaji ghala. Huenda ukaulizwa kuhusu ule msimu wa vitabu viwili vya mizani.”

Namna ya kuandika isiwe mzigo. Katika wiki za minada karani hutoka ghalani mwili umechoka, na anayejiwekea sharti la kuandika kila usiku huacha baada ya siku nne. Dakika kumi mwishoni mwa kila wiki zinatosha. Ukurasa wa wiki uwe na mistari michache: tarehe, kilichofanyika, idadi, idadi ya kulinganisha, aliyeona, na mahali ushahidi ulipo. Dada yetu angeandika hivi: “Wiki ya pili ya Novemba. Magunia 610 yamepokelewa. Mizani ilikosea gramu 400 asubuhi ya Jumanne, ikarekebishwa kabla ya kupokea. Wakulima 71 wamesomewa namba za akaunti, 6 tumezikuta na makosa na kuzisahihisha. Meneja aliona. Imo katika kitabu cha mapokezi cha juma hilo.” Mwisho wa msimu asome kurasa zote na kuandika muhtasari wa ukurasa mmoja. Muhtasari huo ndio ataukimbilia tangazo likitoka, maana muda wa kuomba huwa mfupi na mtandao hauna subira.

Kwa walio tayari katika utumishi wa umma, walimu na wauguzi wa Masasi na Newala, mfumo wa PEPMIS uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS unawataka kuingiza kazi walizozitekeleza ili msimamizi azithibitishe. Wasiuchukulie kuwa umemaliza kazi ya daftari. Mfumo ni wa mwajiri na huuliza anachotaka mwajiri. Sababu, hali uliyoikuta, na maneno ya mzazi aliyekuja kushukuru havina nafasi humo. Lakini mwenye daftari huujaza upesi, kwa sababu tarehe na idadi anazo.

Kuna hatari ya aina nyingine, na ni ya amana. Daftari ni lako, lakini leja si yako. Usiende nyumbani na kitabu cha chama, usipige picha orodha ya wakulima, usinakili jina la mtu pamoja na akaunti au kilo zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa hizo, na hata kabla ya sheria, mali ya mtu na siri yake si vya kumtembezea mwenye usaili. Andika jumla na asilimia: “wakulima 900”, si majina yao. Unapotaja mahali ushahidi ulipo, taja kitabu na tarehe, usikibebe. Ukijiuliza kama mstari fulani unafaa kubaki, mfikirie meneja wako akilisoma daftari mbele yako. Ikiwa ungelificha, futa.

Wapo wanaoona vibaya kuandika mema yao wenyewe, wakiogopa kujikweza. Hofu hiyo ina asili njema. Ila tumkumbuke Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipoomba kusimamia hazina za nchi: hakunyamaza, alitaja uaminifu na ujuzi wake, kwa sababu aliyekuwa akikabidhi maghala alihitaji kujua anamkabidhi nani. Mwajiri leo yuko mahali hapo. Kumpa hesabu ya kweli pamoja na upungufu wake na majina ya walioshirikiana nawe ni kumsaidia kukabidhi amana vizuri. Kujikweza ni pale unapofuta jina la mtunza ghala.

Tuone basi daftari linavyogeuka kuwa maombi. Tangazo la mtunza ghala limetaja majukumu matatu: kupokea na kutoa mali, kutunza kumbukumbu, na kuandaa taarifa. Dada yetu asimwage kila alichonacho. Achukue katika muhtasari wake mstari mmoja kwa kila jukumu. Mahali alipokuwa ataandika “nilipima korosho”, sasa ataandika: “Nikishirikiana na mtunza ghala, nilipokea kilo 365,000 kutoka kwa wakulima 900 kwa kukagua mizani kila asubuhi na kulinganisha vitabu viwili kila jioni, tofauti ya uzito katika ghala kuu ilikuwa asilimia 0.3, kutoka asilimia 0.8 msimu uliotangulia.” Kwa kumbukumbu ataandika malipo yaliyorudi, kutoka asilimia 5 hadi asilimia 1, na alichokifanya kuyapunguza. Kwa taarifa ataandika alitayarisha taarifa ngapi za wiki na zilipelekwa kwa nani. Mistari mitatu inatosha. Mengine yabaki daftarini yakisubiri tangazo lingine, kwani kazi ya mapokezi hospitalini itadai mistari tofauti kutoka katika kurasa zile zile.

Kuhusu kulihifadhi, wenyeji wa Newala hawahitaji kuambiwa habari ya mchwa. Weka daftari katika kopo au sanduku la bati, na kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa mpya ujitumie kwa barua pepe, ili simu ikipotea zibaki mahali. Ujumbe wa pongezi ulioko katika simu uunakili kwa mkono siku ile ile, pamoja na tarehe na jina la aliyetuma.

Na kwa yule ambaye misimu yake imekwisha pita bila kuandika, mlango haujafungwa kabisa. Aende kwa katibu wa chama na kuomba, kwa ruhusa, asomewe jumla za misimu aliyofanya kazi: kilo zilizopokelewa, kilo zilizothibitishwa ghala kuu, idadi ya wakulima, na malipo yaliyorudi. Akae na mwenzake wa ghala wakumbushane desturi gani ilianza lini. Panapopatikana hesabu aiandike na kutaja kitabu kilikotoka. Pasipopatikana aeleze kazi bila tarakimu, wala asikisie. Asilimia ya kubuni huanguka kwa swali moja la “umeipataje?”, na ikianguka huiangusha hata ile ya kweli iliyo jirani nayo.